Kuzungushwa Mlangoni: Seva Isiyo na Skrini, Kivinjari na Tokeni

Ni saa tano usiku. Fundi wa mifumo ameketi nyumbani kwake, na kompyuta yake ya mkononi imeunganishwa kwa SSH na seva ya kukodi iliyoko bara jingine. Haja yake ni ndogo: seva ishushe toleo jipya la programu ya duka kutoka GitHub, ili wateja walikute asubuhi. Anaandika `git pull` na kubonyeza kitufe. Mafaili hayashuki. Unatokea mstari mmoja tu, kisha kimya:

```
info: please complete authentication in your browser...
```

Anaambiwa amalizie kujitambulisha kwenye kivinjari chake. Seva hiyo haina skrini, haina kipanya, wala haijawahi kuwekewa kivinjari. Fundi anasubiri dakika mbili, anakatiza kwa Ctrl+C, anarudia. Mstari ni ule ule. Anabadilisha nywila ya akaunti yake ya GitHub akidhani ameikosea, anarudia tena, na anajikuta palepale alipoanzia.

Nywila haikuwa na kosa lolote. Seva inaelekezwa kwenye mlango ambao yenyewe haiwezi kuufikia, na hata siku inapobahatika kuufikia, haina pa kuweka ufunguo inaopewa. Anayezielewa sababu hizo mbili hupata njia ya kutoka kwa dakika kumi.

Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, haitunzi siri yenyewe. Inapokwenda kwenye anwani ya `https` na kutakiwa ijitambulishe, inamgeukia msaidizi, yaani programu nyingine ndogo iliyotajwa kwenye mipangilio yake chini ya jina `credential.helper`. Mazungumzo yao ni ya maneno matatu. Git inaanza na `get`: nipe siri ya mahali hapa. Siri ikikubaliwa na GitHub, Git inarudi na `store`: itunze, imefaa. Ikikataliwa, inarudi na `erase`: ifute, haifai. Maneno hayo yanafaa kukumbukwa, kwa sababu mambo mengi yanayoonekana kama mazingaombwe kwenye seva ni matokeo ya mojawapo ya hayo matatu.

Zamani siri hiyo ilikuwa nywila ya kawaida ya akaunti. Tarehe 13 Agosti 2021 GitHub iliacha kuipokea kwa kazi za Git, na tangu siku hiyo anayepita njia ya `https` anahitaji tokeni, ambayo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotumika mahali pa nywila. Ili watu wasihangaike na mifuatano hiyo, kuna msaidizi aitwaye Git Credential Manager. Kwenye kompyuta ya mezani anafanya kazi nzuri sana. Dirisha la kivinjari linafunguka, mtu anabonyeza kitufe cha kukubali, msaidizi anapewa tokeni na kuihifadhi kwenye kabati la siri la mfumo. Kesho yake mtu hasumbuliwi tena.

Tatizo linaanza msaidizi huyohuyo anapowekwa kwenye seva, mara nyingi na mtu aliyenakili mipangilio ya kompyuta yake ya mezani kama ilivyo.

Yafaa kutazama kwa karibu kinachotokea nyuma ya pazia. Kabla ya kufungua kivinjari, msaidizi hujifungulia mlango mdogo wenye namba kwenye anwani 127.0.0.1 na kuanza kusikiliza hapo. Kisha anakituma kivinjari kwenye ukurasa wa GitHub. Mwenye akaunti akishakubali, GitHub inakielekeza kivinjari kirudi kwenye ile 127.0.0.1 kikiwa na msimbo mfupi. Msaidizi aliyekuwa akisikiliza anaupokea na kuubadilisha kwa tokeni.

Sasa, 127.0.0.1 ni kama neno "kwetu". Kila anayelitamka ana kwao. Seva ikisema 127.0.0.1, inamaanisha yenyewe. Kompyuta ya mkononi ya fundi ikisema 127.0.0.1, inamaanisha hiyo kompyuta ya mkononi. Kwa hiyo hata fundi akifanikiwa kuupata ule ukurasa wa GitHub, akaufungua kwenye kivinjari cha nyumbani na kukubali kila kitu, kivinjari kitarudi "kwetu" ya nyumbani. Hapo hakuna anayesikiliza. Ukurasa utasema hauwezi kuunganishwa, na msaidizi kule kwenye seva ataendelea kusubiri mgeni aliyebisha hodi nyumba nyingine.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini msaidizi asitambue mapema kwamba yuko kwenye seva. Kwa kawaida anajaribu. Kwenye Linux huangalia kama kuna dalili za mazingira ya skrini, na dalili kubwa ni kigezo kiitwacho `DISPLAY`. Lakini aliyeingia kwa `ssh -X`, ile njia ya kuleta madirisha ya seva kwenye kompyuta yake, hukuta kigezo hicho kimejazwa. Msaidizi anakiona, anaamini kuna skrini, anashika njia ya kivinjari. Amri moja inatosha kuonyesha kama hilo ndilo lililotokea:

```
echo "$DISPLAY"
```

Ikirudisha kitu kama `localhost:10.0` kwenye seva isiyo na skrini, chanzo kimeonekana.

Sababu ya pili imejificha zaidi, na ndiyo inayomzungusha mtu kwa siku nyingi. Tuseme fundi amebahatika kuingia kwa namna fulani. Git inamwambia msaidizi `store`, tunza. Atunze wapi? Kwenye Linux, msaidizi huyu anatakiwa kuchaguliwa kabati la kuhifadhia. Kabati la `secretservice` linategemea mtu awe ameingia kwenye mazingira ya skrini, na kwenye seva hayapo. La `gpg` linataka ufunguo uandaliwe kwanza, na mara nyingi mtu wa kuandika neno la kuufungulia. La `cache` lipo tayari, lakini ni kumbukumbu ya muda tu, na kwa kawaida siri hukaa humo sekunde 900, yaani robo saa. Mtu anaingia, `git pull` inakubali, anafurahi, anakwenda kunywa chai. Akirudi, anaulizwa upya.

Na saa nane usiku, kazi iliyopangwa kwenye `cron` inapoamka kushusha mabadiliko, inaulizwa hivyohivyo, na hakuna mtu wa kujibu.

Ipo njia ya katikati. Msaidizi anaweza kuambiwa aachane na kivinjari cha seva na atumie msimbo wa kifaa:

```
export GCM_GITHUB_AUTHMODES=device
```

Hapo seva inaonyesha msimbo wa herufi na tarakimu 8. Fundi anafungua github.com/login/device kwenye simu au kompyuta yoyote, anauandika msimbo huo kabla haujaisha muda wake, na seva inapata tokeni bila kuhitaji kurudi 127.0.0.1. Utaratibu huu umewekwa kwenye kanuni za intaneti kwa namba RFC 8628, ya mwaka 2019, kwa ajili ya vifaa visivyo na kivinjari au kibodi ya maana, kama televisheni. Unamfaa mtu aliyeketi mbele ya seva kwa saa moja. Haumalizi tatizo la kabati, na haumsaidii `cron` wa saa nane usiku, kwa sababu bado unahitaji binadamu wa kuandika msimbo.

Kwa seva inayofanya kazi yenyewe, dawa ni kuutengeneza ufunguo mapema na kuukabidhi mkononi. Hiyo ndiyo tokeni binafsi.

Inatengenezwa kwenye kivinjari cha kawaida, nyumbani au ofisini. Kwenye GitHub mtu anaingia `Settings`, kisha `Developer settings`, kisha `Personal access tokens`, na anachagua `Fine-grained tokens`. Aina hii inaanza na herufi `github_pat_`. Ile ya zamani inaanza na `ghp_`, na tofauti yao ni kubwa kuliko herufi. Ya zamani ikipewa ruhusa ya hazina za msimbo, inafungua kila hazina ambayo mwenye akaunti anaifikia. Aina mpya inafungwa kwenye hazina zilizotajwa kwa jina, na kwa kazi zilizotajwa. Fundi wetu anachagua hazina moja tu, ile ya duka. Kwenye ruhusa anagusa kipengele kimoja, `Contents`, na kukipa `Read-only`, kwa sababu seva yake inashusha msimbo na haipandishi. Anaweka muda wa siku 90. GitHub inamwonyesha tokeni mara moja tu. Akifunga ukurasa bila kuinakili, hakuna pa kuirejea, na itabidi atengeneze nyingine.

Kinachofuata ndicho wengi wanachokiruka. Wanaweka tokeni kwenye seva lakini wanamwacha yule msaidizi wa zamani mahali pake. Git inapokuwa na wasaidizi kadhaa, inawauliza kwa zamu, ikianza na waliotajwa kwenye mipangilio ya mfumo mzima, kisha ya mtumiaji, kisha ya hazina yenyewe. Anayependa kufungua kivinjari akiwa wa kwanza kwenye foleni, kivinjari kitaendelea kutafutwa hata kama tokeni safi iko nyuma yake. Kwanza basi, foleni itazamwe:

```
git config --show-origin --get-all credential.helper
```

Amri hii inaonyesha kila msaidizi na faili alilotajwa ndani yake. Fundi anakuta `/usr/local/bin/git-credential-manager` kwenye faili lake la `.gitconfig`. Anafuta orodha hiyo, anaweka nafasi tupu, kisha anamtaja msaidizi mmoja rahisi:

```
git config --global --unset-all credential.helper
git config --global --add credential.helper ""
git config --global --add credential.helper store
```

Ile nafasi tupu si kosa la uandishi. Kwa Git, jina tupu maana yake ni "sahau wote waliotajwa kabla ya hapa", hivyo hata kama msaidizi wa kivinjari amewekwa kwenye `/etc/gitconfig` na mtu mwingine, zamu yake imefutwa kwa mtumiaji huyu.

Sasa tokeni inaingizwa. Njia ya haraka inayosambazwa sana ni kuibandika ndani ya anwani ya hazina, na haifai. Anwani hiyo inaandikwa kwenye faili la `.git/config`, inabaki kwenye kumbukumbu ya amri zilizoandikwa, na yeyote anayeandika `git remote -v` anaisoma yote. Badala yake fundi anaipokea bila kuionyesha kwenye skrini, kisha anamkabidhi msaidizi kwa lugha yake mwenyewe:

```
read -rs TOKENI
printf 'protocol=https\nhost=github.com\nusername=fundi\npassword=%s\n\n' "$TOKENI" | git credential approve
unset TOKENI
```

Mstari wa kwanza unasubiri abandike tokeni na kubonyeza kitufe. Hakuna kitu kitakachoonekana, na ndivyo inavyotakiwa. Mstari wa pili ndio lile neno `store` la mwanzo, ila safari hii limetamkwa na binadamu. Jina la mtumiaji hapo halina uzito kwa GitHub, kwani tokeni yenyewe inajulisha ni ya nani. Siri inakwenda kwenye faili la `.git-credentials` ndani ya nyumba ya mtumiaji, faili ambalo msaidizi analiunda kwa ruhusa ya mwenyewe tu kulisoma.

Neno "mtumiaji" hapa libebwe kwa uzito wake. Kazi ya `cron` inayoendeshwa na `root` inatafuta siri kwenye nyumba ya `root`. Haitazami `/home/fundi`. Aliyeweka tokeni akiwa yeye na kupanga kazi iendeshwe na mwingine atashangaa kuona kwa mkono inakubali na usiku inagoma. Tokeni iingizwe na mtumiaji yuleyule atakayeifanya kazi.

Jaribio nalo lifanywe katika hali ya usiku, yaani pasipo mtu wa kuulizwa:

```
GIT_TERMINAL_PROMPT=0 git ls-remote https://github.com/mfano/duka.git
```

Sehemu ya kwanza inaizuia Git kumuuliza mtu chochote kwenye terminali. Ikirudi mistari yenye herufi na tarakimu 40 ikifuatiwa na majina kama `refs/heads/main`, mambo yako sawa. Kuna tahadhari moja: hazina iwe ya faragha. Hazina ya wazi inasomeka na yeyote bila kujitambulisha, kwa hiyo jaribio lake litafaulu hata kwa seva isiyo na tokeni kabisa, na halithibitishi chochote.

Jaribio likigoma, ujumbe wake unasema mengi kwa anayejua kuusoma. `Authentication failed` maana yake GitHub imeikataa tokeni yenyewe: imenakiliwa nusu, imefutwa, au muda wake umeisha. `Repository not found`, kwa hazina ambayo mtu ana hakika ipo, maana yake tokeni ni halali lakini haikupewa hazina hiyo. GitHub inajibu hivyo kwa makusudi, ili asiyeruhusiwa asijue hata kama hazina ya faragha ipo. Jibu hilohilo linaweza kutoka pale hazina ikiwa ya shirika na tokeni bado inasubiri idhini ya msimamizi wa shirika. Na namba 403 wakati wa kupandisha msimbo inasema kwamba mlango umefunguka, ila `Contents` ilipewa kusoma tu. Anayepokea 403 aende akaongeze ruhusa. Hana haja ya tokeni mpya.

Kuna dalili moja zaidi inayowachanganya hata wazoefu. Siku tokeni inapoisha muda, jaribio la kwanza linasema `Authentication failed`. La pili, bila mtu kugusa kitu, linatoa ujumbe tofauti: `could not read Username`. Fundi anafungua `.git-credentials` na kukuta tokeni yake haimo. Hakuna aliyeingia kwenye seva usiku. GitHub ilipoikataa siri, Git ilimwambia msaidizi lile neno la tatu, `erase`, naye akatii.

Njia hii ina mipaka, na isemwe waziwazi. Msaidizi wa `store` anaandika tokeni kwa maandishi ya kawaida. Anayeweza kuingia kama mtumiaji huyo, au kama `root`, anaweza kuisoma, na nakala za akiba za seva zinaweza kuibeba. Ndiyo sababu ya kuifunga kwenye hazina moja na kazi moja: ikiibwa, mwizi atasoma msimbo wa duka, lakini hataweza kuubadilisha wala kugusa hazina nyingine. Tokeni ikivuja, dawa ni kuifuta kwenye ukurasa uleule ilikotengenezwa, na inakufa papo hapo. GitHub huzifuta yenyewe tokeni zake zinazokutwa zimepandishwa kwenye hazina za wazi, lakini haiwezi kuona iliyobandikwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa asiyetaka tokeni kabisa, upo ufunguo wa SSH unaowekwa kwenye hazina moja, kwenye ukurasa wa `Deploy keys`. Nao hauhitaji kivinjari. Tokeni inabaki chaguo la wale ambao mtandao wao umefunga mlango wa SSH, au ambao programu zao zinajua anwani za `https` tu.

Kabla ya kufunga terminali, msomaji afanye jambo moja: aandike tarehe ya mwisho ya tokeni kwenye kalenda ya watu wawili, si yake peke yake. Tokeni ya siku 90 iliyotengenezwa tarehe 1 Machi inaisha tarehe 30 Mei. Usiku wa siku hiyo seva haitamwita mtu yeyote. Itaacha tu kushusha mabadiliko.